Viraka sita vya Bi Mkubwa

Kosa lenyewe lilikuwa la tarakimu mbili. Karatasi ya kipindi chetu cha mwani ilisema, "Kilimo cha mwani wa kuuza nje kilianza Paje mwaka 1989, na akina mama ndio walioshika kamba." Msimulizi wetu, Bi Mkubwa, akasoma 1998. Siku ile hakuna aliyesikia. Mimi nilikuwa nafuatilia maandishi, na jicho likishajua kilichoandikwa, sikio hulala. Fundi mitambo alikuwa anaangalia vipimo vya sauti visipande kwenye nyekundu. Bi Mkubwa mwenyewe, mtangazaji mstaafu aliyesoma habari redioni tangu mimi sijazaliwa, alipita na kuendelea na sentensi iliyofuata kwa utulivu wake wa siku zote. Hiyo ilikuwa Juni. Tuligundua Novemba, kipindi cha dakika 28 kimeshahaririwa na kinasubiri kupangiwa siku.

Jambo la kwanza nililofanya ni lile ambalo kila mhariri wa sauti hulifanya akiwa peke yake usiku: nilijaribu kuiba. Kulikuwa na sentensi nyingine yenye "kilo themanini za mwani mkavu", hapo nikapata "themanini". "Na" niliitoa kwenye "tisini na nane" ile ile ya kosa. "Tisa" ilikuwa ndani ya "elfu moja mia tisa". Nikavikata vipande vitatu nikaviunga. Kila neno lilikuwa la kinywa chake, chumba kile kile, asubuhi ile ile, na bado ilisikika kama ile mashine ya benki inayoita namba za wateja. Sababu niliielewa baada ya kuisikiliza mara kumi. "Tisa" ya "mia tisa" ni ya njiani. Inatamkwa kwa haraka na ile "a" yake ya mwisho tayari inaegemea neno linalofuata. Niliyoihitaji ni "tisa" ya kufika, inayopanda kidogo halafu inasubiri kwenye mkato. Hiyo haikuwepo popote katika rekodi nzima ya saa mbili.

Basi ikabidi turekodi upya. Studioni mistari ya namna hii tunaiita pikapu, na mgeni akisikia "leo tuna pikapu sita" huangalia nje kutafuta mzigo. Mimi nimezoea kuiita viraka. Vilikuwa sita kwa sababu mlango ukishafunguliwa kila mtu anakumbuka lake: mwaka, neno moja lililokuwa si sahihi, sentensi mbili zilizoharibiwa na kelele (pikipiki, na karatasi iliyokwaruza meza), daraja la kuunganisha pale tulipoondoa mahojiano mazima, na mstari wa kufungia kipindi.

Rekodi ya Juni tuliifanya Unguja, Mji Mkongwe, kwenye chumba cha juu cha nyumba ya ukoo wa Bi Mkubwa. Ni chumba chembamba kirefu, kuta nene za mawe na chokaa, dari ya boriti. Tuliegemeza magodoro mawili nyuma yake, tukatandika mikeka, tukafunga madirisha. Mwangwi haukuisha wote, ila uliobaki ulikuwa mzuri: mkia mfupi wa sauti unaokuja nyuma ya neno na kuzimika. Chini ya sauti kulikuwa na mji wenyewe kwa mbali, kunguru, pampu ya maji ya jirani, watu wakipita uchochoroni. Sikuwahi kuufikiria mchango wa chumba kile mpaka nilipokikosa.

Kwa bahati, au tuliona ni bahati, mwanzoni mwa Desemba Bi Mkubwa alikuja Dar es Salaam kumwona binti yake. Tukasema nauli ya boti imeokolewa. Tukamwalika studioni, kwenye kile chumba kidogo kilichopigwa sponji kuta zote, nikampa karatasi niliyoiandika kwa nusu saa. Akasoma vyote sita kwa dakika tisa, tukanywa chai, tukaagana.

Jioni nikavibandika kwenye kipindi nikampelekea mhariri mkuu. Alisikiliza dakika nne za mwanzo akavua hedifoni.

"Huyu mama wa pili mmemtoa wapi?"

"Ni yeye yule yule, kaka."

"Basi mwambie atoke kabatini."

Alikuwa na haki. Kile chumba cha sponji hakirudishi kitu. Sauti ilitoka kavu, imekaribia sikio, na kwa sababu pale maiki huwekwa karibu na mdomo, besi iliongezeka; maiki nyingi za kurekodia sauti ya mtu zina tabia hiyo, ukizisogelea zinanenepesha sauti. Mbaya zaidi ilikuwa katikati ya maneno. Kwenye rekodi ya Juni mtu anaponyamaza, mji unaendelea kuvuma chini. Kwenye kiraka anaponyamaza, kila kitu kinakufa. Msikilizaji hawezi kukwambia kilichobadilika, lakini anashtuka kama mtu aliyekosa ngazi gizani.

Fundi alijaribu kunisaidia. Alitandika chini ya viraka sekunde 40 za ukimya wa chumba tulizorekodi Juni, na hilo peke yake liliziba yale mashimo. Halafu akaongeza mwangwi wa kompyuta. Kuongeza mwangwi juu ya sauti kavu kunawezekana. Kuuondoa kwenye sauti iliyolowa nao ndiko kugumu, ile programu ya kuondoa huiacha sauti kama inatoka chini ya maji. Kwa hiyo angalau tulikuwa upande ulio rahisi. Mkia wa sauti ukafanana. Kilichogoma ni mwanzo wa sauti. Pale Mji Mkongwe neno likitoka mdomoni lilikuwa linagonga meza ya mbao na ukuta wa pembeni kabla hata halijamalizika, na mrudio ule wa kwanza kabisa ndio unaokwambia mtu amekaa wapi. Mwangwi wa kompyuta uliongeza ukumbi nyuma yake, lakini yeye mwenyewe bado alikuwa kabatini, kabati limewekwa ukumbini.

Tukavipitisha viraka viwili vya kelele, vifupi, vyenye muziki chini yake. Vinne vilikataa. Na nilipovisikiliza hivyo vinne kwa uangalifu nikaona tatizo la pili ambalo fundi hakuwa na dawa yake, kwa kuwa lilikuwa langu. Hata ningevirekodi ndani ya chumba kile kile siku ile ile, visingekaa, kwa jinsi nilivyoviandika.

Kwenye karatasi yangu, kiraka cha kwanza kilikuwa hivi: "themanini na tisa". Basi. Nilidhani namrahisishia. Mtu ukimpa maneno matatu yaliyosimama peke yake atayasoma kama kichwa cha habari, yanaanza juu na kuishia chini, kwa sababu hana alikotoka wala anakokwenda. Na hata angejua pa kuelekea, mimi nisingekuwa na pa kukata. Maneno yetu ya Kiswahili karibu yote yanaishia na irabu na mtu akisoma vizuri yanaambatana; "na akina mama" hutoka "nakina mama", na huwezi kuingiza wembe kati ya "na" na "a" ambazo mdomoni ni kitu kimoja. Neno "mwaka" nalo ni mlango mbaya wa kuingilia, maana "m" yake inavuma kutoka ndani ya irabu iliyotangulia. Ukitaka pa kukata, tafuta pumzi. Ukikosa pumzi, tafuta neno linaloanza na k, t, p au ch, kwa sababu kabla ya herufi hizo mdomo hufunga na kunakuwa na ukimya mdogo sana ambao sikio haliutambui ila kompyuta inauonyesha waziwazi.

Ndiyo maana kiraka cha mwaka, nilipokiandika upya, kilirudi kuwa sentensi nzima kuanzia "Kilimo". Kabla ya "Kilimo" kuna pumzi, halafu kuna k. Na sikukiishia kwenye "tisa" bali kwenye "kamba", ambako anashusha sauti na kunyamaza karibu sekunde nzima. Mshono ukawa mahali ambapo hata bila mimi palikuwa na mwanya. Ni maneno 22 ya kurekodi upya kwa ajili ya matatu, na ni nafuu.

Kiraka cha neno ndicho kilichonifundisha Kiswahili changu mwenyewe. Sentensi ya Juni ilisema: "Mashirika yaliyonunua mwani miaka ya mwanzo yalileta mbegu na kamba, na ndiyo yaliyopanga bei." Mtu mmoja anayeijua biashara hiyo akatuambia mashirika si neno lake, wale walikuwa wafanyabiashara, kampuni. Kwa Kiingereza labda ungebadilisha neno ukaenda zako. Kwetu ukibadilisha nomino umebadilisha sentensi: kampuni zilizonunua, zilileta, na ndizo zilizopanga. Kile kipande cha mwisho, "na ndiyo yaliyopanga bei", Bi Mkubwa alikisoma Juni kwa uchovu fulani, kama anayekumbuka mnada uliomdhulumu, na ndicho nilichokipenda kuliko chochote katika dakika zile 28. Karatasi yangu ya Dar ilikuwa imekifuta bila huruma na kumwomba akisome upya. Alikisoma vizuri. Hakikuwa kile.

Nilikaa na sentensi hiyo karibu saa nzima ndipo likanijia: makampuni. Najua wapo walimu watakaokunja uso, watasema wingi wa kampuni ni kampuni. Lakini watu wanasema makampuni kila siku, redioni na sokoni, na makampuni ni "ya". Makampuni yaliyonunua, yalileta, na ndiyo yaliyopanga. Silabi nne kama mashirika, mkazo pale pale, kabla ya ile ya mwisho. Nikarekodi upya kuanzia mwanzo wa sentensi mpaka "kamba", nikaacha mkato ufanye kazi yake, na mwisho ule wa Juni ukabaki ulivyo. Tangu hapo nikilazimika kubadili nomino, kwanza natafuta mbadala wa ngeli ile ile. Nikimkosa ndipo naihesabu sentensi yote kuwa imekwisha.

Mkazo nao una ukali wake. Katika sentensi moja ya zile za kelele nilitamani kugeuza "shamba" kuwa "shambani" kwa kubandika "ni" niliyoipata mahali pengine. Haiwezekani. Kwenye "shamba" nguvu iko kwenye "sha". Ukisema "shambani" nguvu inahamia kwenye "mba". Ukibandika kiambishi unapata neno ambalo hakuna mtu amewahi kulitamka.

Halafu lile daraja. Tulikuwa tumeondoa mahojiano ya dakika mbili na mnunuzi aliyeeleza aina mbili za mwani zinazopandwa, spinosamu na kotonii. Baada ya kuyaondoa, anayefuata ni mama mkulima anayesema: "Huo mwingine ulikataa. Maji yalipata moto, ukafa." Huo mwingine upi? Ilibidi msimulizi aseme. Hiki ndicho nilichompa Bi Mkubwa kule Dar:

"Aina mbili za mwani zinazolimwa Zanzibar ni spinosamu na kotonii, ambapo kotonii ina bei ya juu zaidi lakini haistahimili ongezeko la joto la maji, hali iliyosababisha wakulima wengi kuachana nayo."

Kila neno ni kweli, na hakuna hata moja linalofanana na skripti ya Juni. Juni nilikuwa nimetoka Paje, nimelowa mpaka magotini, naandika kama ninavyoongea. Desemba nilikuwa nimekaa na orodha ya makosa na mhariri anaulizia tarehe. Mtu anayeandika viraka amechoka na kipindi, anakijua kupita kiasi, na anaandika ili kueleza. "Ambapo", "hali iliyosababisha", haya maneno hayakuwemo popote kwenye skripti ya asili. Na tena nilikuwa nimemnyang'anya yule mama habari yake. Maji kupata moto ni yeye aliyeyasimamia ndani, ni lake kusema.

Nilipoandika upya, nilianza kwa kusoma kwa sauti kurasa mbili za skripti ya Juni, bila kuandika chochote. Sentensi fupi. Hakuna "wakulima wanawake", kuna "akina mama". Hakuna sentensi inayobeba sababu mbili. Ndipo nikaandika:

"Mwani anaoupanda leo ni spinosamu. Upo mwingine, kotonii, wenye bei nzuri kuliko huu. Akina mama hawa waliupanda pia."

Halafu yule mama anasema ulikataa. "Pia" ile inaning'inia kidogo, na jibu linakuja kutoka shambani.

Tulipanda boti katikati ya Desemba, mimi na fundi, tukamfuata Bi Mkubwa aliyekuwa ameshajirudia kwake. Niliamini kwamba tukifika kwenye chumba kile kazi imekwisha. Tulipanda zile ngazi zilizosimama kama ukuta, tukafungua mlango, na fundi akapiga kofi moja. Chumba kikajibu kwa mlio, kama kikombe cha bati. Godoro moja lilikuwa limechukuliwa kwa wageni wa harusi, na meza ya mbao ilikuwa imehamia sebuleni. Juu ya yote Juni ni upepo wa kusi na baridi yake, Desemba ni kaskazi. Feni ya dari ilikuwa inazunguka na hakuna aliyetaka kuizima.

Meza tuliirudisha. Godoro tuliliazima kwa jirani. Feni tuliizima kwa ahadi kwamba kila kiraka kikiisha tutaiwasha. Kilichobaki ni maiki ilikaa wapi, na hapo nililipa gharama ya uzembe wangu, kwa sababu picha pekee niliyokuwa nayo ya Juni ilimwonyesha Bi Mkubwa akicheka na kikombe cha kahawa, maiki imekatika pembeni. Siku hizi kabla ya kufungua kifaa chochote napiga picha tatu: maiki na mdomo kwa ubavu, kifundo cha geini, yaani nguvu ya sauti inayoingia, kilipoelekea, na chumba kizima kutoka mlangoni. Siku ile ilibidi tutumie masikio.

Njia tuliyotumia ni hii, na sijapata bora zaidi. Tulichagua sentensi moja ya Juni isiyo na kosa lolote, "Kamba zinafungwa nyumbani, jioni, watoto wakiwa wamelala," tukamwomba Bi Mkubwa aisome tena. Hatukuwa tunairekodi ili kuitumia. Tulikuwa tunaipima. Fundi akaiweka sentensi mpya katikati ya jirani zake za Juni, akapiga, tukasikiliza. Besi ilizidi; akairudisha maiki nyuma vidole viwili. Tukarudia. Ikawa karibu, ila herufi za s zilikuwa kali. Akaisogeza pembeni kidogo, isitazame mdomo moja kwa moja. Tukarudia. Mara ya nne ilikuwa shibiri moja na nusu kutoka mdomoni, imeinama kuelekea kidevuni, na mimi nilipofumba macho sikujua sentensi ya Juni inaishia wapi. Fundi akaweka alama ya utepe mkekani na mwingine mezani. Bi Mkubwa alikuwa ameanza kuchoka nasi.

"Mwanangu, hii sentensi mmenisomesha mara nne, na kosa sijafanya."

"Shida si wewe, Bi Mkubwa. Tunakitafuta chumba."

"Chumba si hiki?"

Kazi yenyewe tuliianza saa nne kasoro asubuhi, muda ule ule wa Juni, kwa sababu mbili. Sauti ya mtu wa umri wake asubuhi iko chini na ina mchanga kidogo, mchana husafika na kupanda. Na tulitaka kumaliza kabla ya adhana ya adhuhuri, maana misikiti ya pale iko karibu karibu na ukizikosea hesabu unasubiri. Hata hivyo sikumpa kiraka cha kwanza mara moja. Nilimpa ukurasa mzima wa skripti ya zamani ausome. Sentensi ya mwaka ilikuwa dakika ya arobaini ya rekodi ya Juni. Mdomo ulikuwa umeshalainika. Ukimkalisha mtu na kumwambia soma sentensi moja, unapata sauti ya dakika ya kwanza.

Karatasi safari hii ilikuwa na sura nyingine. Kila kiraka kilikuwa na ukurasa wake, herufi kubwa, hakuna cha kugeuza katikati ya sentensi. Juu, kwa herufi za kawaida, sentensi inayotangulia kwenye kipindi. Katikati, kwa herufi nzito, kiraka. Chini, sentensi inayofuata. Akavisoma vyote vitatu kama habari moja, na sisi tukachukua cha katikati. Pembeni niliandika neno la kumsaidia, si "kwa hisia" wala "kwa uchangamfu", maneno ambayo kila msomaji anayapokea kivyake. Kwa ule mwaka niliandika: "Unamjibu mtoto aliyeuliza." Kwa daraja: "Umekaa naye jamvini, unatusogeza tumsikie."

Na kabla ya kila kiraka fundi alimpigia kwenye hedifoni sekunde kumi na tano za Juni, zinazoishia pale hasa anapotakiwa kuingia. Hili ndilo lililofanya kazi kuliko maelezo yangu yote. Akisikia mwendo wake mwenyewe anaingia nao. Kule Dar kiraka kimoja cha kelele alikisoma kwa sekunde tano. Sentensi ile ile Juni ilichukua saba. Mimi nisingeweza kumwambia "ongeza sekunde mbili" bila kumfanya asome kama anayevuka barabara. Baada ya kujisikia, akatoa saba bila kuambiwa.

Kila kiraka, isipokuwa cha sita, tulikichukua mara tatu. Cha kwanza huwa cha tahadhari, cha pili ndicho chenyewe, cha tatu ni cha kunipa mimi usingizi. Tukavirudia hata vile viwili vya kelele, ingawa vya Dar vingepita. Feni ikawashwa, ikazimwa, ikawashwa. Mwisho nikaomba dakika nzima ya ukimya, watu wote watatu ndani ya chumba, maana miili nayo inanyonya sauti na chumba kitupu si chumba kile. Dakika moja bila kusema ni ndefu. Bi Mkubwa aliitumia kuvuta tasbihi, na ukisikiliza sana kwenye hedifoni punje zinasikika, kwa hiyo ilibidi tuombe dakika nyingine.

Kuvibandika kulichukua muda mfupi kuliko kuviandika. Nilikata kabla ya pumzi, si baada yake, ili pumzi ibaki na sentensi yake. Pumzi ya Juni ikifuatiwa na neno la Desemba inasikika kama watu wawili wamepokezana. Ukimya wa Desemba sikuutumia sana, kwa kuwa kunguru walikuwa wengi kuliko Juni. Niliweka ule wa Juni kwenye mishono, ukipanda taratibu chini ya neno la mwisho na kushuka chini ya neno la kwanza. Kwa viraka vitano mhariri mkuu hakusema kitu, na kwake huko ndiko kusifu.

Cha sita, kile cha kufungia kipindi, kilikataa. Juni alikuwa amekimaliza akicheka kidogo, kwa sababu mjukuu wake alichungulia mlangoni, na kicheko kilibaki kwenye mashavu katika maneno matano ya mwisho. Tatizo la mstari ule lilikuwa jina la kijiji, Jambiani badala ya Paje, mwanzoni. Alisoma upya mara nane. Nilimpigia Juni yake, nikamwomba atabasamu, akatabasamu, na ikasikika kama mtu anayetabasamu kwa kuombwa. Chumba kilifanana, mwendo ulifanana, besi ilifanana. Mwishowe nikaondoa mstari wote, kipindi kikafungwa na sauti ya maji na kamba, sekunde kumi na moja pungufu.

Kiliporushwa, Bi Mkubwa alinitumia ujumbe wa sauti usiku huo huo. Alisifu ule mwaka. Halafu akasema, "Lakini ule wa mwisho mbona sijausikia? Mara nane mmenisomesha, feni imezimwa, mie natoka jasho."

Nimeuhifadhi ujumbe ule. Umerekodiwa kwenye chumba kile kile, feni ikizunguka, na mwishoni anacheka kile kicheko hasa nilichokuwa nakitafuta.